Sura ya Sita: Sifa Moja, Kazi Moja

Fungua daftari lolote la insha katika shule ya msingi iliyo kando ya barabara itokayo Kitale, ikapita Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye na Bungoma. Usisome alichoandika mtoto. Soma maandishi mekundu tu. Utakutana na maneno yale yale ukurasa baada ya ukurasa: Jitahidi. Umejaribu. Wastani. Boresha hati. Chunga sarufi. Vizuri, ila makosa ni mengi. Juu kuna alama, labda 19 kwa 40, na katikati ya mistari kuna vistari vyekundu chini ya kila neno lililokosewa.

Mwalimu huyo hakuzembea. Amesoma kila mstari, pengine usiku, baada ya kazi za nyumbani kwake. Tatizo ni kwamba hakuna hata neno moja kati ya hayo linalomwambia mtoto afanye nini. "Jitahidi" kwa mtoto aliyeketi nusu saa akiuma kalamu ni sawa na kuambiwa hakufanya kitu. "Chunga sarufi" inamfaa mtu anayejua tayari sarufi yake imepotoka wapi, na mtu huyo hahitaji kuambiwa. Ndiyo maana daftari likirudishwa, mtoto hutazama alama, huchungulia alama za jirani, kisha hulifunga. Insha inayofuata huja na makosa yale yale.

Uandishi huu wa maoni tumeurithi kutoka kwenye chumba cha mtihani. Kuanzia 1985 hadi 2023, mtoto wa Kenya alimaliza shule ya msingi kwa mtihani wa KCPE, na insha ya Kiswahili ilikuwa na dakika 40 na alama 40. Katika shule ya upili, watahini wa KCSE huweka mistari miwili chini ya kosa la sarufi na mstari mmoja chini ya kosa la hijai. Alama hizo zina kazi yake: zinawawezesha watahini wawili wasiojuana kukubaliana juu ya karatasi moja. Hazikuwekwa kwa ajili ya mtoto, kwa sababu mtoto haioni karatasi hiyo tena. Tulipozileta darasani, tulileta lugha ambayo watahini huzungumza wao kwa wao.

Mtaala wa umilisi umetuletea maneno mapya: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, mbali na matarajio. Ni afadhali kidogo kuliko nambari, lakini mtoto anayeambiwa kwamba anakaribia matarajio bado hajui ni hatua gani imembakia. Sura hii inahusu sentensi mbili au tatu zinazoweza kumwonyesha hatua hiyo: moja inayomtajia jambo alilolifanyia kazi likafaulu, na nyingine inayompa kazi moja ya kufanya katika insha hiyo hiyo.

Insha ya kupukuchua mahindi

Tufanye kazi na ukurasa ulio mbele yetu. Insha ifuatayo nimeitunga mwenyewe kwa mfano wa zile zinazoandikwa na watoto wa Gredi ya Tano upande wa Kiminini, ambako nyumbani wanazungumza Lubukusu na baada ya mavuno kila boma lina mahindi uani.

"Ilikuwa siku ya Jumamosi asubuhi na mapema. Jua lilikuwa limechomoza na ndege walikuwa wakiimba nyimbo tamu tamu. Niliamka nikapika mswaki nikaenda kwa nyanya yangu. Kari ya kupukuchua mahindi ilikuja ikapika kelele mingi na vumbi ikatoka. Nyanya alifunga leso kwa mdomo na mimi nika funga sweta yangu kwa pua. Mahindi ilikuwa inaruka inatupika kwa miguu. Kuku walikuwa wanakula na hakuna mtu alikuwa anafukuza kwa sababu wote tulikuwa na kazi. Baba alihesabu magunia akasema ni ishirini na moja. Mwaka jana ilikuwa thelathini. Nyanya alinyamaza. Jioni tulirudi nyumbani tukiwa na furaha riboribo. Hapo ndipo nilipojua kuwa mgaagaa na upwa hali wali mkavu."

Kalamu nyekundu ya kawaida itapata kazi nyingi hapa. Itaondoka na "nikapika", "kari", "inatupika", "kelele mingi", "nika funga", "mahindi ilikuwa", "vumbi ikatoka". Itaweka tiki juu ya "riboribo" na juu ya methali, kwa kuwa hizo ni pambo la lugha. Mwishoni itaandika: 20 kwa 40, umejaribu, chunga hijai.

Sasa isome tena kama msomaji, si kama mtahini. Sentensi mbili za kwanza hazina mwenyewe. Zimo katika madaftari ya nusu ya darasa, na zimekaririwa kutoka vitabu vya mwigo. Kisha gari la kupukuchua linafika, na mtoto anaanza kuandika kweli. Sweta imefungwa puani. Kuku wanakula bila kufukuzwa kwa kuwa kila mtu ameshika kazi, na hilo ni jambo ambalo mtu hulijua akiwa amesimama pale tu. Baba anahesabu, mwaka huu ni pungufu kwa magunia tisa, na nyanya ananyamaza. Maneno mawili, na tumeelewa kila kitu. Halafu mtoto anashtuka, anakumbuka kwamba hii ni insha ya shule, anaturudisha nyumbani kwa furaha riboribo pamoja na methali ya watu wa pwani juu ya upwa ambao yeye hajawahi kuuona.

Insha hii ina makosa mengi na ina uandishi. Maoni yakigusa makosa peke yake, mtoto atajifunza kwamba riboribo ililipa na nyanya hakulipa. Wiki ijayo atatuandikia riboribo zaidi.

Kuitafuta juhudi katika ukurasa

Wengi wetu tumesikia kwamba sifa iende kwa juhudi, isiende kwa akili. Ushauri huo unatokana kwa kiasi kikubwa na majaribio ya Claudia Mueller na Carol Dweck yaliyochapishwa Marekani mwaka 1998. Watoto wa darasa la tano walipewa mafumbo ya kutatua. Baadhi wakaambiwa wamefaulu kwa kuwa wana akili, wengine kwa kuwa wamefanya bidii. Baadaye wakapewa mafumbo magumu yaliyowashinda wote. Walipopewa tena mafumbo rahisi kama yale ya mwanzo, waliosifiwa akili walifanya vibaya kuliko mara ya kwanza, na waliosifiwa bidii walifanya vizuri zaidi. Mafumbo si insha, na siku ya majaribio si mwaka wa shule. Hata hivyo jambo moja linahamishika: mtoto aliyeambiwa ana akili huona kosa kuwa ushahidi kwamba hana, naye huepuka kazi inayoweza kumwaibisha. Mwandishi mchanga akianza kuepuka, atajificha nyuma ya sentensi zilizokaririwa, maana hizo hazikosewi.

Ila wengi wamelichukua somo hilo kijuujuu, wakabadilisha "una akili" kuwa "umejitahidi" na kuiandika katika kila daftari. Watoto hawadanganyiki. Mtoto wa miaka kumi anajua alijitahidi lini. Aliyeandika insha yake kwa dakika tano kabla ya kengele, akasoma "umejitahidi sana", anajua mwalimu hakusoma. Na yule ambaye kila mara anapata "umejitahidi" huku jirani yake akipata "bora sana", anaelewa kwamba neno hilo hupewa walioshindwa.

Juhudi inayofaa kusifiwa ni ile iliyoacha alama kwenye karatasi, ambayo unaweza kuiwekea kidole. Neno lililofutwa na kuandikwa jingine juu yake ni juhudi: mtoto aliamua, kisha akaamua tena. Maelezo yanayotokana na kuona, kama sweta puani, ni juhudi ya kukumbuka na kuchagua. Kosa lililokuwepo wiki jana ambalo wiki hii halipo ni juhudi, na ili uione lazima ufungue ukurasa uliotangulia. Inachukua sekunde tano. Mazungumzo yaliyotiwa alama za usemi na mtoto ambaye hakuwahi kuzitumia ni juhudi hata kama moja imekosea mahali. Urefu wenyewe si juhudi. Kurasa tatu za ndege wakiimba nyimbo tamu zimegharimu wino kuliko fikra.

Kipimo changu cha sifa ni hiki: ukiichukua sentensi yako ukaihamishia kwenye daftari la mtoto mwingine na bado ikafaa, basi haijasema kitu. "Kazi nzuri, endelea hivyo" itafaa madaftari yote sitini. "Uliposema kuku hawakufukuzwa kwa kuwa wote mlikuwa na kazi, nimeuona uwanja mzima" inafaa daftari moja tu duniani.

Kulichagua jambo moja

Kusifu ni rahisi kuliko kuchagua. Mwalimu aliyefunzwa kwamba kila kosa lazima lionekane atahisi anaiba mshahara akiacha sita na kushika moja. Lakini hebu fikiria kazi tunayompa mtoto anayerudishiwa ukurasa wenye vistari ishirini. Havina mpangilio wa uzito. Kosa la herufi limechorwa mstari mwekundu ule ule kama wazo lililopotea. Hajui aanzie wapi, basi haanzi. Walimu wa lugha ya pili wamebishana sana juu ya jambo hili. Mwaka 1996 John Truscott alidai kwamba kusahihisha sarufi katika maandishi ya wanafunzi hao kuachwe kabisa kwa kuwa hakuwasaidii. Mwaka 1999 Dana Ferris akamjibu kwamba kunaweza kusaidia pale masahihisho yanapokuwa ya kuchagua, wazi na yenye kushika mambo machache. Hata tukimfuata Ferris, aliye mpole zaidi kwa kalamu yetu, bado anatuambia tuchague.

Rudi kwenye insha yetu. Tuna wagombea wanne wa nafasi hiyo moja.

Wa kwanza ni "kari" na "nikapika". Katika Lubukusu sauti za g, d na b kama zilivyo katika gari, dada na baba hazisimami peke yake. Hupatikana zikiwa zimetanguliwa na sauti ya puani, kama katika ng, nd na mb. Ndiyo maana mtoto ameandika "alifunga" bila taabu, na akateleza kwenye "gari" na "nikapiga". Kosa lake lina kanuni. Wakalenjin wana shida inayofanana na hiyo, kwa hiyo katika darasa la Kitale huenda nusu ya watoto wanaandika "kari". Jambo la nusu ya darasa halifai kuandikwa daftari kwa daftari. Lifundishwe ubaoni Jumatatu: dakika kumi za kutamka jozi kama piga na pika, gamba na kamba, toa na doa, watoto wakishika koo zao wausikie mtetemo.

Wa pili ni upatanisho: mahindi ilikuwa, kelele mingi. Huo utampa kazi kwa miezi, na una ngazi zake. Unaweza kuwa kazi ya wiki mbili zijazo.

Wa tatu ni mwanzo wa kukariri. Ungefaa, ila kumwambia afute mwanzo ni kumwondolea nguzo aliyoegemea kabla hajajua anaweza kusimama.

Wa nne ni mwisho. Mtoto ameandika kwamba nyanya alinyamaza, kisha akaandika kwamba walirudi na furaha riboribo. Sentensi hizo mbili zinapingana, na aliyekuwepo pale anajua ipi ni ya kweli. Hiki ndicho cha kushika, kwa sababu tatu. Kinagusa maana ya insha nzima, si neno moja. Mtoto anaweza kukirekebisha mwenyewe kwa dakika kumi bila kamusi wala msaada, kwa kuwa habari anayo kichwani. Na kinakaa jirani kabisa na jambo tunalotaka kulisifu, hivyo sifa yenyewe inamwonyesha njia.

Utaratibu huo unafaa kwa insha nyingi: anza na maana, kisha mpangilio, kisha sarufi, na hijai iwe ya mwisho, isipokuwa pale ambapo tahajia imekuwa mbaya kiasi kwamba msomaji hapati maana. Kati ya mambo yaliyobaki, chukua lile ambalo mtoto anaweza kulitengeneza leo.

Sentensi zenyewe

Maoni ya insha ile yanaweza kuwa haya:

"Nimeliona vumbi, kwa kuwa ulikumbuka jinsi ulivyoifunga sweta puani. Na niliposoma 'Nyanya alinyamaza' nilisimama nikairudia. Sasa andika upya mwisho kwa sentensi tatu: jioni hiyo nyanya alifanya nini, na wewe ulijuaje kwamba ana mawazo?"

Yatazame vipande vyake. Mwalimu anazungumza kama mtu aliyesoma: nimeliona, nilisimama. Ananukuu maneno ya mtoto mwenyewe, na kwa mtoto hakuna heshima inayoshinda hiyo, maana maneno yake yameandikwa kwa mkono wa mwalimu. Sifa inataja alichofanya mtoto, yaani kukumbuka. Kazi ina mahali pake (mwisho), ina kipimo chake (sentensi tatu), na ina swali ambalo jibu lake ni la mtoto peke yake. Hakuna neno la istilahi. Hakuna "ungefanya vizuri zaidi kama", ambayo huipokonya sifa iliyotangulia.

Swali linafaa pale mtoto anapojua jibu. Pale asipojua, swali ni mtego: "Je, hapa upatanisho uko sawa?" huwafanya wengi wabahatishe, wafute neno lililokuwa sahihi. Katika jambo la sarufi ni afadhali kuonyesha mfano mmoja na kumwachia mengine: "Umeandika 'mahindi ilikuwa'. Sisi husema 'mahindi yalikuwa'. Katika sentensi hiyo hiyo, tafuta maneno mengine yanayosema juu ya mahindi uyarekebishe hivyo hivyo."

Mtoto akiketi na kazi yake, si ajabu arudi na mwisho wa namna hii: "Jioni nyanya hakuwasha redio. Alienda kuhesabu magunia tena peke yake. Mimi nilimshikia kurunzi." Riboribo imetoweka bila kukatazwa, na methali ya upwa imeondoka nayo.

Daftari tupu na daftari safi

Kuna watoto wawili wanaotushinda zaidi kuliko huyu. Wa kwanza ni yule aliyeandika mistari minne. Tuseme ni Gredi ya Nne, upande wa Bungoma, na mada ni sokoni Chwele: "Nili enda soko ya Chwele. Nikaona watu. Nikaona ndizi. Nikarudi." Kalamu ya kawaida huandika "Fupi mno" na kufunga. Lakini ufupi ameuona yeye mwenyewe kabla yetu. Sifa ya kweli ipo, ndogo, na isitiwe chumvi: amelitaja soko kwa jina lake, na kila sentensi imekomea kwenye nukta, jambo ambalo wenzake wenye kurasa mbili hawajaliweza. Maoni yawe: "Kila sentensi yako ina mwanzo na nukta, nimeisoma bila kupotea. Sasa rudi kwenye ndizi. Ongeza sentensi mbili: nani alikuwa akiziuza, na alikuwa akisema nini?" Usimwombe aandike ukurasa mzima. Mistari minne ikiwa sita, ameongeza nusu ya kazi yake. Na akirudi bila kuongeza kitu, huenda shida haiko kwenye kuandika. Mwite, muulize kwa mdomo nani aliuza ndizi. Akikueleza vizuri kwa Lubukusu au kwa Kiswahili, unajua kwamba habari anayo na mkono ndio mzito. Asipokuwa na la kueleza, pengine hajawahi kufika Chwele, na mada ndiyo yenye kosa.

Wa pili ni yule wa daftari safi, anayepata "Bora sana!" tangu Gredi ya Kwanza. Hati nzuri, hakuna kosa, methali tano. Huyu hupuuzwa kwa heshima. Tafuta mahali alipojihatarisha, hata kama ni pamoja, umsifie hapo, kisha mpe kazi inayomtoa kwenye usalama wake: "Aya ya pili ina misemo minne. Acha mmoja unaoupenda zaidi, na mahali pa ile mitatu uandike ulichokiona wewe." Atakasirika kidogo. Mama yake naye huenda akauliza kwa nini mtoto wa kwanza darasani amepewa kazi ya kurudia. Mweleze kwamba hata aliye mbele ana mahali pa kuelekea.

Saa, alama na wenye kuuliza

Mwalimu yeyote wa Trans Nzoia atakuwa ameshafanya hesabu. Maoni haya huchukua kama dakika nne kwa daftari, kusoma na kuandika. Watoto sitini ni dakika 240, saa nne kwa insha moja ya darasa moja. Haiwezekani, na atakayekuambia inawezekana hajashika darasa la sitini. Ligawe darasa katika makundi manne ya watoto 15. Kila wiki kundi moja hupata maoni kamili, na hiyo ni saa moja. Mengine matatu husomwa haraka na kutiwa sahihi, au watoto wasomeane wawili wawili. Katika wiki nne kila mtoto amezungumzwa naye mara moja kwa dhati, na hiyo inazidi "Jitahidi" nne.

Lakini maoni bila muda wa kuyatekeleza ni wino tu. Tenga dakika kumi za mwanzo wa kipindi siku ya kurudisha madaftari. Aliyepata maoni anaandika papo hapo chini ya insha yake. Wengine wanasoma kimya. Pita katikati yao. Hapo ndipo utakapojua kama sentensi yako ilieleweka: anayeitazama dari hakuielewa, na anayeinakili insha nzima upya kwa hati nzuri amedhani unataka usafi. Wakiwa watano hivyo, kosa liko kwenye maoni yako. Yalikuwa marefu au hayakutaja mahali.

Alama zisubiri. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti alioufanya Israeli kwa watoto wa darasa la tano na la sita: baadhi walipewa alama tu, wengine maoni tu, wengine vyote viwili. Waliopata maoni tu ndio waliopiga hatua. Waliopata alama pamoja na maoni hawakufaidi maoni hayo, kana kwamba hayakuandikwa. Alama hujibu swali la mtoto kabla hajafika kwenye sentensi yako. Shule ikitaka alama, na nyingi zinataka, ziandike kwenye kitabu chako siku ya kwanza, na uziweke kwenye daftari baada ya kazi kufanywa.

Watauliza wengine pia. Mwalimu mkuu atauona ukurasa wenye "kari" isiyoguswa na kudhani haukusahihishwa. Mzazi atasema mwalimu hajui Kiswahili. Wana haki ya kuuliza, kwa hiyo wajibu kabla hawajauliza: juu ya insha andika "Wiki hii tunaangalia mwisho wa insha", na katika mkutano wa wazazi waonyeshe kurasa mbili za mtoto mmoja, wa kabla na wa baada, pasipo jina. Pia weka daftari lako dogo la makosa uliyoyaacha kwa makusudi. Likionyesha kosa moja kwa watoto ishirini, umepata somo la Jumatatu. Likionyesha kosa lile lile kwa mtoto yule yule mwezi wa tatu sasa, zamu yake ya kushikwa imefika.

Kesho ukifungua rundo la madaftari, usianze na kalamu mkononi. Soma insha ya kwanza mpaka mwisho, tafuta sentensi moja ambayo mtoto mwingine asingeweza kuiandika, uinukuu. Kisha mpe kazi moja ya dakika kumi. Mengine yaache. Yatakuwepo wiki ijayo, na mtoto pia atakuwepo, akiwa bado anataka kuandika.